Kontua zenye meno ya msumeno

Chukua ghuba ndogo ya Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza. Boti inatoka ufukoni kwenda majini, inageuka, inarudi ufukoni mita hamsini pembeni, inatoka tena, mpaka ghuba yote ipitiwe. Kipima kina kinatuma mlio chini na kusubiri mwangwi. Katika maji ya vuguvugu ya ziwa hili sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.02, sauti imekwenda na kurudi mita 30, na kina ni mita 15. Hapo ongeza umbali kutoka uso wa maji hadi kwenye kichwa cha kipima kilichozamishwa. Kila kipimo huandikwa pamoja na mahali boti ilipo kwa GPS, kisha kompyuta huchora kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kina kimoja.

Ramani inatoka, na kontua ya mita 10, badala ya kufuata ufuko, ina meno kama msumeno. Ziwa halina meno hayo. Yametoka kwenye boti.

Mara nyingi sababu ni kuchelewa. Tuseme kipima kina kinatoa jibu sekunde mbili baada ya kupima, na boti inakwenda mita tatu kwa sekunde. Kina cha hapa kinaandikwa mita sita mbele. Boti ikitoka ufukoni, kontua inasukumwa majini mita sita; ikirudi, inavutwa nchi kavu mita sita. Ukiiweka mistari hiyo pamoja, unapata jino la mita 12. Penye mteremko wa mita moja kwa kila kumi, hilo ni kosa la mita 1.2 za kina.

Lakini meno hayohayo hutokea pia antena ya GPS ikiwa nyuma ya boti na kichwa cha kipima kikiwa mbele. Kuyatofautisha ni rahisi: pita mstari uleule, ukienda upande uleule, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Mteremko ukihama kadiri kasi inavyoongezeka, ni kuchelewa. Usipohama, kagua antena. Mafundi wazuri huifunga juu kabisa ya kichwa cha kipima, na hilo la pili linakwisha.

Kosa lisilo na meno ndilo baya zaidi, maana halionekani. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 ziwa hili lilipanda zaidi ya mita moja. Anayeunganisha vipimo vya nyakati hizo mbili bila kusawazisha kwa usomaji wa kipimo cha maji kilichosimikwa ufukoni atapata kontua laini kabisa, mahali pasipo pake.