Pivoti Inapokataa Kupanga Tarehe kwa Miezi

Mwezi wa Aprili 2024 nilikaa na mhasibu wa duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Alikuwa na faili la Excel lenye mauzo ya miezi 3, Januari hadi Machi, mistari 640 kwa jumla. Mwenye duka alitaka kujua kitu kimoja tu: kila mwezi tumeuza shilingi ngapi? Ni kazi ya dakika moja kwa mwenye kuijua pivoti, lile jedwali ambalo Excel huliita PivotTable, linalomeza mamia ya mistari na kutoa jumla chache. Unaweka tarehe upande wa kushoto, mauzo upande wa kulia, unabofya tarehe yoyote kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua Group, kisha Months. Yule dada alifanya hivyo mara 4 mbele yangu, na mara zote 4 kikatokea kisanduku kilekile:

```
Cannot group that selection.
```

Yaani, ulichokichagua hakipangiki kwa makundi. Kisanduku hakisemi kwa nini, wala hakionyeshi mstari wenye kasoro. Alikuwa ameshafuta pivoti na kuitengeneza upya, akabadili hata rangi za jedwali, na sasa alikuwa anafikiria kujumlisha kwa kikokotoo.

Ili kuelewa kukataa huko, inabidi kujua Excel inaichukuliaje tarehe. Kwake tarehe ni namba ya siku. Tarehe 1 Januari 1900 ni namba 1, na siku zinahesabiwa kutoka hapo bila kukatika, hata tarehe 1 Januari 2024 ikawa 45292, na tarehe 5 Februari mwaka huohuo ikawa 45327. Mikwaju na majina ya miezi tunayoyaona ni vazi tu juu ya namba. Amri ya Group huzipanga namba hizo kwa ukubwa, ikatafuta ya mwanzo na ya mwisho, kisha ikakata vipande vya mwezi au mwaka. Safu ikiwa na seli moja tu yenye maandishi, kwa mfano neno "bado", hakuna mahali pa kuliweka neno hilo kati ya 45292 na 45382. Excel haliruki neno hilo na kuendelea na mengine. Inakataa safu nzima. Kulificha kwa kichujio cha pivoti hakusaidii, kwa sababu bado limo katika data iliyomezwa. Seli tupu nazo zilikuwa zinaleta kukataa huko katika matoleo ya zamani. Mengi ya sasa yanazivumilia, ila mauzo yake yanatengwa kwenye kundi lisilo na mwezi. Maandishi hayavumiliwi na toleo lolote.

Kwa kawaida jicho linaweza kuanza kushuku mapema. Usipogusa mpangilio wa seli, namba hukaa upande wa kulia na maandishi upande wa kushoto, hivyo tarehe isiyo tarehe hujitenga yenyewe. Lakini safu ya yule dada ilikuwa imewekwa katikati ili ipendeze, na dalili hiyo ikawa imefutika. Tukaziuliza seli zenyewe. COUNT huhesabu namba tu, COUNTA huhesabu kila seli yenye kitu ndani, kwa hiyo tofauti yake ndiyo idadi ya maandishi:

```
=COUNTA(A2:A641)-COUNT(A2:A641)
```

Jibu lilikuwa 383. Nilitegemea seli 2 au 3 zilizokosewa. Hapa zaidi ya nusu ya safu ilikuwa maandishi: COUNTA ilitoa 634, COUNT ikatoa 251, na seli 6 hazikuwa na kitu. Idadi kubwa namna hiyo haitokani na mtu kuteleza kidole. Kuna jambo la mfumo mzima.

Tukaweka kichujio kwenye kichwa cha safu na kufungua orodha yake. Hapo Excel huzikunja tarehe za kweli chini ya mwaka na mwezi, na maandishi huyapanga chini kabisa, moja moja. Chini kulikuwa na 13/02/2024, 27/01/2024, 19/03/2024 na mengine ya aina hiyo. Yote, isipokuwa machache nitakayoyaeleza, yalianza na 13 au zaidi. Juu, chini ya mwaka 2024, kulikuwa na miezi yote 12, hadi Desemba, katika faili lililofungwa mwanzoni mwa Aprili. Na kila mwezi haukuwa na siku nyingine zaidi ya tarehe 1, 2 na 3.

Kompyuta ile ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mhasibu aliandika kama tunavyoandika sote, siku kwanza. Alipoandika 13/02/2024, kompyuta ilitafuta mwezi wa 13, haikuupata, ikaiacha kama maandishi. Alipoandika 05/02/2024 akimaanisha Februari 5, kompyuta iliielewa vizuri kabisa, ila kwa maana yake: Mei 2. Ikaihifadhi kama 45414 badala ya 45327, na kwenye skrini ikaonyesha 5/2/2024, ambayo kwa macho yetu ni Februari 5 ileile. Hakuna ambaye angeona kosa kwa kutazama. Zile sifuri zilizotoweka mbele ya 5 na ya 2 ndizo alama pekee, na nani huitazama sifuri?

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi ya kukataa kwenyewe. Zile 383 zilizoizuia pivoti zilikuwa, karibu zote, tarehe sahihi zilizoandikwa vizuri. Zile 251 zilizokubalika ndizo zilizogeuzwa. Watu wengi wakikutana na ujumbe ule huzisaka seli za maandishi, huzifuta au huziandika upya moja moja, na Group ikikubali hufurahi. Lau yule dada angefanya hivyo, mauzo ya Januari 9 yangekuwa chini ya Septemba, na ya Machi 11 chini ya Novemba. Jumla kuu isingebadilika hata shilingi, kwa sababu fedha hazikuguswa, zilihamishwa mwezi tu. Kwa hiyo hata kulinganisha na kitabu cha risiti kusingefichua kitu.

Kuchagua seli zote na kubadili muonekano kuwa Date hakutibu chochote pia. Hatua hiyo hubadili vazi la namba. Maandishi hayana namba ya kuvishwa.

Tuliongeza safu mpya, E, na kuandika fomula moja ya kushughulikia pande zote mbili. Kama seli ni namba, ibadilishe siku na mwezi mahali pake. Kama ni maandishi, chukua herufi 4 za mwisho kuwa mwaka, mbili za katikati kuwa mwezi, mbili za mwanzo kuwa siku:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
 DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
 DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Fomula hii ilifaa kwa sababu mistari yote iliandikwa kwenye kompyuta ile moja. Faili likichanganya kazi ya mashine mbili, moja ya mpangilio wa Marekani na nyingine ya siku kwanza, usiitumie kabla ya kutenganisha mistari ya kila mashine. Ukikuta tarehe ya kweli yenye siku ya 13 au zaidi, ujue imetoka kwenye mashine nyingine au imebandikwa kutoka kwingine. Ukiigeuza hiyo, DATE itapewa mwezi wa 13 na haitalalamika. Itaivusha tu hadi Januari ya mwaka unaofuata.

Tabia hiyo ya DATE ya kutolalamika ilitugusa mahali pengine. Katika zile seli 383 kulikuwa na moja iliyoandikwa 30/02/2024. Siku hiyo haipo, lakini fomula ingeitoa kama Machi 1, na uuzaji ungehamia mwezi mwingine kimyakimya. Tuliiona kwa sababu tulipitia orodha ya kichujio kabla ya kuandika fomula, na ningeshauri mpangilio huohuo. Risiti yenyewe ilisema Februari 20. Seli 2 zilikuwa na neno "bado", za wateja waliochukua saruji kwa ahadi ya kulipa, na fomula ikazitolea kosa la #VALUE!. Kosa hilo ni zuri kwa sababu linaonekana. Lakini lisiachwe kwenye safu, maana seli yenye kosa nayo huizuia Group.

Zikabaki 6 tupu. Kuna utupu wa aina mbili. Seli isiyo na kitu kabisa ni moja. Seli ambayo mtu ameigusa kwa kitufe cha nafasi ni nyingine, nayo ni maandishi ingawa macho hayaoni kitu. Hizi 6 zilikuwa tupu kweli. Namba za risiti zilituokoa: risiti ikikaa kati ya mbili za siku moja, siku yake inajulikana. Tano tulizipata hivyo. Ya sita ilikuwa kati ya risiti ya Januari 31 na ya Februari 1, na mhasibu akampigia simu fundi aliyenunua misumari na mabati siku ile. Akasema ilikuwa Jumatano, siku moja kabla ya kuanza kupaua. Januari 31.

Tulinakili safu E, tukaibandika juu ya A kama thamani tupu bila fomula, tukabofya Refresh. Pivoti ikakataa tena. Hilo hutokea mara nyingine, kwa kuwa pivoti hufanya kazi na nakala yake ya data na huweza kuendelea kukumbuka vitu vilivyokwisha kufutwa. Tuliitoa safu ya tarehe kwenye pivoti, tukabofya Refresh, tukairudisha. Safari hii Group ikafungua kisanduku chake chenye Months, Quarters na Years. Tukachagua Months na Years kwa pamoja, ili Januari ya 2024 isije ikachanganywa na ya 2025 faili litakapokua. Mistari 3 ikatokea, na ya Machi ilikuwa kubwa kuliko mbili za mwanzo.

Kabla sijaondoka tulifungua mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, tukaweka English (United Kingdom), ambayo hutanguliza siku. Kisha kwenye safu A tukaweka Data Validation inayokubali tarehe pekee, kuanzia Januari 1, 2024 hadi =TODAY(), na tukaondoa tiki ya Ignore blank. Nilimweleza kwamba ulinzi huo hukagua kinachoandikwa kwa mkono tu. Anayebandika mistari kutoka faili jingine huupita bila kuulizwa, na kwa mistari hiyo itabidi aanze tena na ile fomula ya COUNTA na COUNT.