Roketi ikifika nyuzi 30, kamera hukimbizwa kweli

Tarehe 16 Julai 1969, roketi ya Saturn V iliyowabeba wanaanga wa Apollo 11 iliruka kutoka Florida, Marekani, huku wapiga picha wakiifuatilia kutoka umbali wa takriban kilomita 5.6. Kamera ikiwa imesimama pale pale, kinachobadilika ni pembe ya mwinuko, yaani jinsi lenzi ilivyoinuliwa kutoka usawa wa ardhi. Je, ni wakati gani inabidi iinuliwe kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote?

Urefu wa roketi angani ukiwa h na umbali wa kamera D, tanjenti ya pembe ni h/D. Pembe yenyewe tunaipata kwa tanjenti kinyume: θ = arctan(h/D). Tukitafuta kiwango chake cha mabadiliko kwa wakati, tunapata:

dθ/dt = D·v / (D² + h²)

Hapa v ni kasi ya roketi. Ndani ya fomula hii mna mvutano: kasi inapokua, kamera inakimbizwa, lakini urefu unapokua, roketi inazidi kuwa mbali na kila mita inayopanda haionekani sana.

Tuchukulie kwamba roketi inapanda wima na kasi yake inaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, kadirio linalofaa kwa mwanzo wa safari ya chombo kizito kama kile. Urefu kwa mita unakuwa t², na kasi 2t. Sekunde ya 10, roketi iko mita 100 juu na lenzi inainuka kwa nyuzi 0.2 tu kwa sekunde. Sekunde ya 57 kiwango hicho kinafika kileleni, nyuzi 0.87. Sekunde ya 100, ingawa roketi inakwenda mbio zaidi, kimeshuka hadi 0.49.

Na kilele hicho hutokea pembe ikiwa nyuzi 30 kamili. Kinachonivutia hasa ni kwamba ukibadilisha umbali au ongezeko la kasi, nyuzi 30 zinabaki. Ukisogeza kamera karibu mara nne, kilele kinawahi, sekunde ya 28 hivi, na lenzi inainuka kwa kasi maradufu, lakini pembe ni ile ile.

Anayekokotoa aangalie jambo moja: fomula inatoa jibu kwa radiani. Ukipata 0.0152 ukaiita nyuzi, umepotea. Izidishe kwanza kwa 57.3.

Saturn V halisi haikufuata hesabu hii hadi mwisho. Ilivyounguza mafuta ilizidi kuwa nyepesi, hivyo ongezeko la kasi nalo likakua. Urefu ukikua kama t³ badala ya t², kilele kinahamia karibu nyuzi 35. Tena, muda mfupi baada ya kuupita mnara wa kurushia, roketi ilianza kuinama kuelekea mashariki, juu ya Atlantiki. Kuanzia hapo D haikuwa tena namba isiyobadilika, na hesabu inahitaji kuuingiza mwendo wa mlalo pia.