Neno "Kutoa" Katika Barua ya Usharika kwa Benki

Usharika unapoiandikia benki barua ya kufungua akaunti, neno "kutoa" lahitaji uangalifu. Kanisani, kutoa sadaka ni kuileta. Benki, kutoa fedha ni kuzichukua. Hivyo sentensi "Sadaka zitatolewa kila Jumapili" yaweza kufahamika kinyume. Twapendekeza: "Sadaka zitahesabiwa na wazee wawili baada ya ibada, na zote zitawekwa benki Jumatatu, kabla ya matumizi yoyote."

Vivyo hivyo, kusema "Watia saini ni mwenyekiti, katibu na mhazini" hakuonyeshi saini ngapi zatosha. Na iandikwe: "Fedha zitachukuliwa kwa saini mbili: ya mhazini, pamoja na ya mwenyekiti au ya katibu." Hapo hakuna awezaye kuzichukua peke yake.