Bawa Linalobebwa na Visulisuli

Abiria waliosafiri kwa Concorde waliihisi ikitetemeka kidogo ilipokaribia kutua. Ndege ilishuka ikiwa imeinua pua juu, mabawa yake yakiukabili upepo kwa pembe ya digrii 14 hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Haikuwa na vile vibao vya nyuma ya bawa ambavyo ndege nyingine hushusha ili ziweze kwenda polepole, wala haikuwa na bawa dogo la mkiani. Ilikuwa na bawa moja tu la pembetatu, jembamba na refu, lililobuniwa kwa ajili ya kupita kasi ya sauti. Bawa hilohilo ndilo lililopaswa kuishikilia angani wakati wa kutua, na mtikisiko ule ulikuwa dalili kwamba linafanya kazi yake.

Bawa la kawaida hutegemea hewa ishikamane na mgongo wake. Rubani akiinua pua, mnyanyuo huongezeka, lakini hadi kiwango fulani. Kwenye pembe ya kama digrii 15 hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa. Huachana nalo, ikavurugika ovyo, na mnyanyuo ukaporomoka. Marubani wengi wameangukia hapo.

Bawa la pembetatu jembamba huanzia pale lile la kawaida linapoishia. Ukingo wake wa mbele ni mkali na umelala sana kuelekea nyuma. Pua inapoinuliwa, hewa iliyobanwa chini ya bawa hukimbilia juu kwa kuuzunguka ukingo huo, na kwa kuwa ukingo ni mkali, haiwezi kupinda na kushikamana nao. Inaachana na bawa papo hapo, hata kwenye pembe ndogo. Lakini haivurugiki. Kwa sababu ukingo umelala, hewa ile husukumwa kwa mshazari kuelekea nyuma na kujiviringisha ikawa kisulisuli kirefu. Hivyo visulisuli viwili hulala juu ya bawa, kimoja kila upande, kuanzia karibu na ncha ya mbele hadi nyuma.

Hewa inayozunguka hutaka kutupwa nje, na kinachoizuia isitawanyike ni kanieneo ndogo iliyopo katikati ya mzunguko. Eneo hilo la kanieneo ndogo liko juu kidogo tu ya mgongo wa bawa, kwa hiyo bawa hufyonzwa kwenda juu. Kadiri pua inavyopanda, visulisuli hupata nguvu zaidi. Ndani ya kiini chake hewa hukimbia kuelekea nyuma kwa kasi kuliko ndege yenyewe, ikiuchukua mzunguko na kuumwaga nyuma bila kukoma, na ndiyo maana kisulisuli hubaki mahali pake. Bawa jembamba sana linaweza kuendelea kuongeza mnyanyuo hata baada ya kupita digrii 30.

Dietrich Küchemann na Johanna Weber, wanasayansi wa Kijerumani waliohamia Uingereza baada ya vita, waliyafanyia kazi mawazo haya huko Farnborough katika miaka ya 1950. Hata hivyo, hesabu na majaribio ya maabara havikutosha. Wengi walihofia kwamba ndege nyembamba hivyo ingeyumba huku na huku na kumshinda rubani. Ndipo ikaundwa HP.115, ndege ndogo ya mtu mmoja, yenye ukingo wa mbele uliolala karibu digrii 75. Iliruka mara ya kwanza Agosti 1961. Ni kweli iliyumba, lakini marubani waliona ni rahisi kuituliza, na iliweza kuongozwa hata kwenye mwendo wa takriban kilomita 110 kwa saa. Mwaka 1970 Neil Armstrong naye aliirusha.

Kikomo kipo. Pembe ikizidi, kisulisuli hupasuka: kiini chake hupunguza mwendo ghafla, kikavimba na kutawanyika. Kwanza hutokea nyuma ya bawa, ambako hakuna madhara makubwa, kisha mpasuko husogea mbele kadiri pua inavyopanda. Ukishafika juu ya bawa, mnyanyuo huanza kupungua, na kama kisulisuli cha upande mmoja kitapasuka kabla ya mwenzake, ndege huinamia upande huo.

Lakini katika safari za kila siku za Concorde, tatizo lililojitokeza mapema zaidi lilikuwa ukinzani wa hewa. Kuvizungusha visulisuli kunahitaji nishati, na nishati hiyo hutoka kwenye injini. Katika ndege nyingi, kupunguza mwendo kabla ya kutua hupunguza pia mzigo wa injini. Kwenye Concorde ilikuwa kinyume: kadiri ilivyokwenda polepole ndivyo pua ilivyolazimika kupanda, ukinzani ukaongezeka, na injini zikatakiwa kusukuma zaidi. Rubani aliyeacha mwendo upungue bila kuongeza nguvu angezidi kuupoteza, kwa hiyo mtambo wa kurekebisha nguvu za injini wenyewe ulitumika hadi muda mfupi kabla ya kugusa ardhi. Pua iliyoinuliwa namna hiyo ingemziba pia rubani asiione njia ya kutua, hivyo wahandisi waliiwekea bawaba na kuiinamisha kwa digrii 12.5.