Riba Ikipanda, Hatifungani Hushuka Bei kwa Kiasi Gani?

Benki Kuu ya Tanzania huuza hatifungani za serikali za miaka 20, zinazolipa riba kila baada ya miezi sita. Mwenye nayo hupokea kiasi kilekile hata riba ya soko ikipanda. Kinachoshuka ni bei atakayopata akiiuza leo.

Tuchukue mfano wa hatifungani ya shilingi milioni 10, inayolipa asilimia 12 kwa mwaka, wakati soko nalo linadai 12. Soko likidai 13, hasara ni kiasi gani?

Hatua ya kwanza ni dureshoni, kipimo cha wepesi wa bei kuyumba. Kwa hatifungani hii ni 7.523, hivyo riba ikipanda pointi moja, bei inakadiriwa kushuka asilimia 7.523, sawa na shilingi 752,300.

Makadirio hayo yanazidisha hasara, kwa sababu dureshoni huchora mstari ulionyooka ilhali bei halisi hufuata mstari uliopinda. Mpindo huo hupimwa kwa konveksiti, ambayo hapa ni 94.8. Nusu yake huzidishwa kwa badiliko la riba lililozidishwa kwa lenyewe:

½ × 94.8 × 0.01 × 0.01 = 0.00474

Hiyo ni shilingi 47,400 za kurudisha. Hasara inabaki 704,900. Ukikokotoa malipo yote upya unapata takriban 707,300. Tofauti ni ndogo mno.

Riba ikipanda kwa sehemu ya kumi tu ya pointi, konveksiti hurudisha shilingi 474 pekee. Hapo dureshoni inatosha.