Homa Iliyoanzia Kwenye Ufa wa Kidole

Tumchukue mama wa miaka 55 anayeuza samaki katika mji wa pwani, mtu wa kusimama kutwa kwenye sakafu iliyolowa maji. Jioni moja baridi inamwingia ghafla, meno yanagongana, anajifunika khanga mbili na bado anatetemeka. Kichwa kinamgonga na chakula hakitaki. Nyumbani kila mtu ana hakika kuwa hiyo ni malaria, na kijana anatumwa duka la dawa. Asubuhi yake, akitaka kushuka kitandani, muundi wa kulia unamuuma kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Ngozi imevimba na kuvutika hadi inang'aa. Ukiweka kiganja juu yake unahisi joto ambalo mguu wa kushoto hauna, na kwenye kinena cha kulia umemtoka mtoki.

Bakteria wameingia ndani ya ngozi yake. Maradhi haya yana tabia hiyo: homa na baridi kali vinaweza kumfika mgonjwa saa kadhaa kabla ngozi haijaonyesha chochote. Katika nchi ambako homa yoyote hudhaniwa malaria, saa hizo ndizo zinazopotea. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hadithi haijaisha, kwa sababu mkaazi wa eneo lenye malaria nyingi anaweza kuwa na vimelea katika damu huku anayemlaza kitandani ni ugonjwa mwingine. Mgonjwa wa homa anapaswa kuvuliwa viatu na soksi, na miguu yake itazamwe.

Madaktari wana majina mawili kwa maambukizi haya. Yakishika tabaka la juu la ngozi pamoja na vijishipa vyake vya limfu, huitwa erisipela. Alama yake ni mpaka: ngozi iliyougua huinuka, na ukingo wake huonekana wazi kiasi kwamba unaweza kuufuata kwa ncha ya kidole. Yakizama zaidi, hadi kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, huitwa selulaitisi, na hapo ukingo hufifia polepole, usijue uvimbe unaishia wapi. Usoni kuna dalili ya kusaidia. Ngozi ya sikio karibu haina mafuta chini yake, hivyo uvimbe ukitoka shavuni ukapanda hadi kwenye sikio, hiyo huelekea kuwa erisipela. Mguuni hali huwa mchanganyiko, na kwa kuwa dawa zake hukaribiana, si jambo la kumnyima mgonjwa usingizi kama ameandikiwa jina hili au lile.

Mhusika mkuu ni bakteria aitwaye streptokokasi, wa jamii ileile inayoleta maumivu ya koo. Mwaka 1883 daktari wa Kijerumani, Friedrich Fehleisen, alitangaza kwamba amemtoa bakteria huyo kwenye ngozi ya wagonjwa wa erisipela na kumkuza nje ya mwili. Ngozi nzima ni ukuta asioweza kuuvunja. Anahitaji mlango, na kwa yule mama mlango ulikuwa kati ya kidole kidogo cha mguu na jirani yake, mahali ambapo fangasi walikuwa wameichubua ngozi ikawa nyeupe, laini na yenye ufa. Alikuwa akiwashwa hapo kwa miezi na hakuona sababu ya kumweleza mtu. Mlango unaweza pia kuwa mwiba, tundu la funza, kidonda cha zamani au kisigino kilichopasuka.

Akishaingia, streptokokasi hujitandaza kwa njia inayostahili kueleweka. Mwili wake umefunikwa kwa utando wa sukari ileile iliyomo katikati ya seli zetu, kwa hiyo askari wa damu huchelewa kumtambua kuwa ni mgeni. Kisha hutoa vimeng'enya. Kimoja huyeyusha ute unaozishikanisha seli, na njia ikafunguka mbele yake. Kingine huuchochea mwili wenyewe uyeyushe nyuzi za damu iliyoganda, zile nyuzi ambazo zingemzingira na kumzuia asisogee. Stafilokokasi, bakteria mwingine wa ngozi, kwa kawaida hufanya kinyume: hugandisha majimaji ya damu, akajijengea ukuta na kukaa ndani yake. Ndiyo maana stafilokokasi mara nyingi huleta jipu, usaha uliokusanyika mahali pamoja unaohitaji kupasuliwa na mganga, ilhali streptokokasi huleta uvimbe uliosambaa usio na kitu cha kukamua. Wanaokanda mguu wa namna hii wakitafuta usaha humtesa mgonjwa bure.

Jambo linaloshangaza ni uchache wa bakteria wenyewe. Damu ya wagonjwa wa selulaitisi ya kawaida ikioteshwa maabara, bakteria huonekana kwa chini ya wagonjwa 5 katika kila 100, na hata kipande cha ngozi kikikatwa mara nyingi hawaonekani. Sehemu kubwa ya joto, uvimbe na maumivu hutokana na mwili unavyopambana na sumu zao. Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza na ya pili ya dawa mguu unaweza kuonekana kama unazidi kuharibika ilhali bakteria wanakufa. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo huitupa dawa au huenda kutafuta nyingine yenye nguvu zaidi. Kinachofaa ni kuchora ukingo wa uvimbe kwa kalamu, kuandika saa kando yake, na kuulaza mguu juu ya mito ukiwa umeinuka. Homa hutangulia kushuka, maumivu yakafuata, na rangi huwa ya mwisho kurudi.

Kuhusu rangi, vitabu vingi huusifia wekundu kana kwamba wagonjwa wote wana ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyougua yaweza kuwa ya zambarau, ya kahawia iliyokolea au nyeusi kuliko kawaida, na pengine rangi isibadilike kwa namna ya kuonekana taa zinapofifia. Kiganja ndicho chombo cha kuaminika hapo. Pima joto la mguu mmoja na la mwenzake kwa upande wa nyuma wa mkono, bonyeza uone kama kidole kinaacha shimo, tazama kama mistari ya ngozi imefutika kwa kuvimba.

Kosa la upande wa pili nalo ni kubwa: kuita kila wekundu maambukizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia wagonjwa 259 waliolazwa katika hospitali kubwa ya Boston, Marekani, wakiwa wameandikiwa selulaitisi ya mguu. Baadaye ilionekana kwamba 79 kati yao hawakuwa nayo. Walikuwa wamepewa antibayotiki kwa ugonjwa usiotibika kwa antibayotiki.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama miguu yote miwili imeugua. Selulaitisi hupitia mlango mmoja, hivyo ni nadra mno kuikuta miguu yote kwa wakati mmoja. Miguu miwili iliyovimba, inayowasha, yenye magamba na rangi ya kahawia juu ya vifundo, tena kwa wiki au miezi, huelekea kuwa ya mtu ambaye vena zake hazipandishi damu vizuri. Ile kahawia ni chuma kilichoachwa na chembe nyekundu zilizovuja kwenye ngozi. Mlaze mtu huyo, inua mguu kiasi cha nyuzi 45 kwa dakika moja au mbili: wekundu wa damu iliyotuama hupungua, wa maambukizi hubaki pale pale.

Swali la pili ni kuwasha. Mgonjwa wa selulaitisi hulalamika maumivu; anayejikuna kwa raha huenda amechomwa na kitu alichojipaka. Wekundu ukifuata umbo la plasta, la mkanda wa kandambili au la majani aliyofungiwa, jibu liko kwenye umbo hilo. Nairobi na kwingineko Afrika Mashariki, msimu wa mvua huleta kisa kingine: mdudu mwembamba, mweusi na mwekundu wa machungwa, ambaye haumi wala kudunga. Akipondwa juu ya ngozi hutoa sumu iitwayo pederini, na baada ya siku moja hivi hujitokeza mstari unaochoma wenye malengelenge, mara nyingi shingoni au usoni, bila homa. Huyu hahitaji antibayotiki. Anahitaji kuosha ngozi mapema kwa maji na sabuni, na asimponde mdudu bali ampulize aondoke.

Damu iliyoganda ndani ya vena ya shavu la mguu ni jambo jingine. Nayo hushika mguu mmoja, huuma na kuvimba, na jicho pekee haliwezi kuitenga. Inahitaji kipimo cha mawimbi ya sauti.

Ziko dalili ambazo hazingoji asubuhi. Maumivu makali kupita kiasi cha kinachoonekana kwenye ngozi, ukingo unaosogea kwa saa chache, malengelenge ya zambarau au meusi, ngozi iliyokufa ganzi au inayotoa mlio kama wa mchanga ikibonyezwa, mgonjwa anayechanganyikiwa: hapo bakteria huenda wameshuka hadi kwenye utando wa misuli, na mgonjwa anahitaji upasuaji usiku huohuo.

Mama wa samaki hakufikia huko. Alipewa dawa ya jamii ya penisilini, ambayo kwa selulaitisi isiyo na matatizo hutosha kwa siku 5 ikiwa mguu unaendelea vizuri, akapewa na dawa ya fangasi ya kupaka kati ya vidole. Bila hiyo ya pili mlango ungebaki wazi. Kila shambulio huharibu mishipa ya limfu kidogo, majimaji yakabaki mguuni, na ngozi iliyolowa majimaji ni shamba zuri kwa shambulio linalofuata.

Wenye matende wanaujua mzunguko huo kuliko wote. Mbu ndiye aliyewaletea minyoo, lakini vipindi vya homa na mguu kuwaka mara nyingi huletwa na bakteria wanaopenya kwenye mikunjo na nyufa. Kaskazini mwa Ethiopia, kwa wagonjwa ambao miguu yao imevimba kwa kutembea peku kwenye udongo wa volkano, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 liliwafundisha watu kuosha miguu kwa sabuni, kuipaka mafuta, kuifunga bendeji, kuifanyisha mazoezi, na kuvaa soksi na viatu. Vipindi vyao vilikuwa takriban 19 kwa mtu kwa mwaka, wakati waliokuwa bado wakisubiri mafunzo hayo walipata karibu 24.

Kwa wanaoshambuliwa tena na tena kuna njia nyingine. Uingereza na Ireland, wagonjwa 274 walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Waliomeza penisilini kidogo mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 22 katika mwaka huo. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 37. Dawa ilipoachwa kinga nayo ikafifia, na miguu iliyokwisha vimba au kushambuliwa mara 3 na zaidi ndiyo iliyonufaika kidogo zaidi.