Uso kwa Alama Kumi: Namna Picha Inavyogeuzwa Kuwa Maandishi

Msimbo wa ASCII, uliochapishwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo mwaka 1967, una nafasi 128, na kati ya hizo ni 95 tu zinazochapika kwenye skrini au karatasi, nafasi tupu ikiwa mojawapo. Anayetaka kuigeuza picha ya kamera kuwa maandishi hana nyenzo nyingine zaidi ya hizo. Kila pikseli ya picha isiyo na rangi, yaani kila nukta ndogo kabisa inayoiunda, huweza kubeba viwango 256 vya mwangaza, kuanzia 0 ambacho ni cheusi hadi 255 ambacho ni cheupe, ilhali alama za kibodi hutoa viwango vichache mno, na kila kimoja hutokana na kiasi cha wino au mwanga ambacho alama hujaza ndani ya kisanduku chake. Programu nyingi huimaliza kazi hiyo kwa sekunde moja, na mara nyingi hutoa uso uliorefuka, mashavu yenye mabaka na macho yaliyofifia, na kila kasoro kati ya hizo ina chanzo chake kinachoweza kupimwa.

Mfano mmoja utatosha kuyaonyesha yote. Ichukuliwe picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyeketi mbele ya dirisha mchana, yenye upana wa pikseli 1200 na kimo cha pikseli 1500, nayo inatakiwa kuonyeshwa kwenye dirisha la amri la kompyuta lenye safu 80, kwa herufi nyeupe juu ya mandhari meusi. Kwa kuwa herufi ndizo zinazotoa mwanga, alama iliyojaa zaidi itasimama mahali pa mwangaza mwingi na nafasi tupu itasimama penye giza. Kwenye karatasi nyeupe mpangilio huo hugeuzwa, na asiyeugeuza hupata picha iliyo kama negativu ya filamu.

Pikseli 1200 zikigawanywa kwa safu 80, kila alama hupewa upana wa pikseli 15. Kosa la kwanza huzaliwa hapa, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba kimo cha kisanduku nacho ni pikseli 15, na hivyo kuandika mistari 100. Kisanduku cha herufi si mraba. Katika fonti ya kadi za VGA, ambazo IBM ilizitoa mwaka 1987 na ambayo bado hutumika kwenye skrini za Linux, kila herufi huchorwa ndani ya gridi yenye upana wa pikseli 8 na kimo cha pikseli 16, kwa hiyo uwiano wa upana kwa kimo ni 0.5. Kisanduku chenye upana wa pikseli 15 za picha lazima basi kimeze pikseli 30 kwa kimo, na mistari inayohitajika ni 50. Atakayeandika mistari 100 atamrefusha mtu huyo maradufu.

Uwiano huo haubaki 0.5 kila mahali. Maandishi hayohayo yakibandikwa mahali ambapo nafasi kati ya mistari imeongezwa, na kila mstari ukachukua pikseli 20 badala ya 16, uwiano unashuka hadi 0.4 na mistari inayofaa inakuwa 40. Njia ya haraka ya kujua ni kuigeuza kwanza picha ya duara: ikitokea yai lililosimama, mistari imezidi, na likilala, imepungua. Fonti ambayo herufi zake zina upana usiolingana, kama zile za vitabu, haifai kabisa, kwa kuwa safu za chini haziwezi kukaa sawa na za juu.

Baada ya visanduku kupatikana, wastani wa mwangaza wa pikseli zote 450 zilizomo ndani ya kila kimoja hukokotolewa, na wastani huo hupewa alama kutoka kwenye ngazi, yaani mfululizo wa alama uliopangwa kutoka iliyo tupu hadi iliyojaa. Ngazi inayozunguka sana duniani ina alama kumi:

```
 .:-=+*#%@
```

Wengi huinakili bila kuihoji, ingawa mpangilio wake hauwezi kuwa sahihi kwa fonti zote. Kipimo chake ni rahisi: kila alama huchorwa kwenye kisanduku chake, kisha pikseli zilizowaka huhesabiwa. Katika fonti ya VGA, yenye pikseli 128 kwa kila kisanduku, nukta huwasha 4, kistari 7, nukta pacha 8, alama ya kuwa sawa 12, ya kujumlisha 14, kinyota 24, `#` 42 na `@` 43, ilhali alama ya asilimia, ambayo ngazi hiyo imeiweka karibu na kilele, huwasha 22 tu. Maana yake ni kwamba shavu linalozidi kung'aa taratibu litapanda bila anguko linaloonekana hadi `#`, litaangukia ghafla kwenye `%` ambayo ni hafifu kuliko hata kinyota, kisha litaruka tena hadi `@`. Mabaka meusi yanayotokea mahali penye nuru ya paji la uso au ncha ya pua mara nyingi hayatokani na picha yenyewe, bali na alama moja iliyokaa mahali pasipo pake.

Kasoro ya pili ya ngazi hiyo ni pengo. Kati ya kinyota chenye 24 na `#` yenye 42 hakuna kitu, wakati `#` na `@` zinatofautiana kwa pikseli moja, jambo ambalo hakuna jicho litakalolitambua. Ngazi nzuri hupanda kwa hatua zinazokaribiana, na kwa kuwa kilele cha ngazi hii ni 43, alama kumi zinapaswa kuachana kwa takriban pikseli 5. Herufi za kawaida zinaliziba pengo hilo na lile dogo lililo kabla ya kinyota: `i` huwasha 21, `e` 29, `w` 34 na `A` 39. Ngazi iliyopimwa kwa fonti hii basi huwa:

```
 .:+i*ewA@
```

Kuna wanaotumia ngazi ya alama 70 wakiamini kwamba viwango vingi huleta ulaini. Imani hiyo ina udhaifu, kwa sababu alama 70 haziwezi kutoa viwango 70 ndani ya fonti ambayo hata alama iliyojaa zaidi huwasha chini ya nusu ya pikseli 128. Nyingi hurudia kiwango kilekile kwa umbo tofauti. Herufi `b`, `d`, `p` na `q` hujaza karibu kiasi kimoja, lakini moja ina mguu juu na nyingine chini, hivyo eneo tulivu kama ukuta hujaa vurugu ambayo haimo kwenye picha. Kwa sura ya mtu, alama kumi zilizopimwa hushinda sabini zilizonakiliwa.

Programu fupi ya Python inayotumia maktaba ya Pillow inatosha kufanya kazi yote:

```python
from PIL import Image

NGAZI = " .:+i*ewA@"
SAFU, UWIANO = 80, 0.5
CHINI, JUU = 0, 256

picha = Image.open("picha.jpg").convert("L")
upana, kimo = picha.size
mistari = round(SAFU * kimo / upana * UWIANO)
ndogo = picha.resize((SAFU, mistari), Image.BOX)

for y in range(mistari):
    s = ""
    for x in range(SAFU):
        v = (ndogo.getpixel((x, y)) - CHINI) / (JUU - CHINI)
        v = min(max(v, 0), 0.999)
        s += NGAZI[int(v * len(NGAZI))]
    print(s)
```

Amri ya `convert("L")` huondoa rangi kwa kuipa kijani uzito wa 0.587, nyekundu 0.299 na buluu 0.114, kwa kuwa jicho la binadamu huhisi kijani kuliko rangi nyingine. Amri ya `Image.BOX` ndiyo inayochukua wastani wa kisanduku kizima, na ikikosekana, mbinu nyingine huweza kuokota pikseli moja tu kati ya 450 na kuleta chembechembe.

Programu hii ikiendeshwa kama ilivyo, mistari na ngazi zitakuwa sawa, lakini uso hautaonekana vizuri. Tuseme ngozi ya mtu huyo ina mwangaza wa kati ya 30 na 110, na dirisha lililo nyuma yake linazidi 230. Ngazi ikitandazwa kutoka 0 hadi 256, kila alama hubeba takriban viwango 26, na uso mzima huangukia alama nne tu, yaani nukta, nukta pacha, ya kujumlisha na `i`. Alama za `*`, `e`, `w` na `A` hubaki karibu bila kazi, kwa kuwa ni vitu vichache vilivyo kati ya 130 na 230.

Tiba yake ni kubadilisha mipaka miwili ya programu, `CHINI` iwe 20 na `JUU` iwe 140. Sasa kila alama hubeba viwango 12, na uso unaenea juu ya alama nane, kutoka nafasi tupu hadi `w`, wakati dirisha lote linageuka kuwa `@` bila tofauti yoyote ndani yake. Hicho ndicho kiini cha utofautishaji katika sanaa hii: alama ni kumi, na kila inayopewa dirisha imenyimwa uso.

Kompyuta haiwezi kuifanya hukumu hiyo yenyewe. Kanuni ya kawaida ya kutafuta mipaka ni kuacha asilimia 2 ya pikseli zenye giza kuliko zote na asilimia 2 ya zile angavu kuliko zote, kisha kutandaza zilizobaki. Dirisha likichukua asilimia 40 ya picha, kuacha asilimia 2 hakupunguzi kitu, na mpaka wa juu unabaki palepale. Njia ya kusawazisha histogramu, ambayo hugawa alama kulingana na ukubwa wa eneo, hufanya vibaya zaidi, kwa sababu hulipa dirisha hilo alama nne kati ya kumi ili ionyeshe tofauti za kioo ambazo hakuna aliyeziuliza. Linalofaa ni kukata kwanza eneo la uso, kupima mipaka ndani ya eneo hilo peke yake, kisha kuitumia kwa picha nzima.

Hofu kwamba kuvuta mipaka karibu namna hiyo kutakuza chembechembe za kamera haina nguvu sana hapa, kwani wastani wa pikseli 450 hupunguza kelele zisizo na mpangilio kwa takriban mara 21. Kinachoonekana mapema zaidi ni michirizi, yaani mstari dhahiri shavuni pale alama moja inapoishia na nyingine kuanza. Mbinu ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976, ambayo hupitisha kosa la kila kisanduku kwa majirani wake, huivunja michirizi hiyo, lakini kwa safu 80 tu huacha madoadoa juu ya ngozi, na ni afadhali kuitumia pale safu zinapofika 150 au zaidi.

Macho ndiyo yanayobaki kuwa magumu. Uso ukiwa na upana wa safu 40, jicho moja hupata takriban safu 8, lakini kimo chake, tuseme pikseli 45, ni mstari mmoja na nusu. Mboni na kope zikiangukia mpakani mwa mistari miwili, giza lake hugawanywa nusu kwa nusu na ngozi ya jirani, na jicho hufifia likawa kivuli tu. Hakuna ngazi wala mipaka inayoweza kulirudisha, kwa sababu taarifa imepotea kabla ya alama kuchaguliwa. Linaloweza kulirudisha ni kukata pikseli 15 kutoka juu ya picha na 15 nyingine kutoka chini, yaani nusu ya kisanduku kila upande, na kuendesha programu upya: mistari inateremka juu ya uso kwa nusu hatua, mboni zinaingia kamili ndani ya mstari mmoja, na pale palipokuwa na safu ya nukta pacha panatokea nafasi tupu iliyozungukwa na alama za `+` pande zote mbili.